Makisio haya ni ya fedha taslimu au ya mlimbikizo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye vyama vya msingi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa nikisaidia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, vya mahindi, viazi na kahawa kuandaa makisio ya mapato na matumizi, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Mbozi. Mengi huulizwa Mei, bodi inapotaka kupeleka makisio kwenye mkutano mkuu. Mengine huja Oktoba mkaguzi akishafika, na wakati huo majibu huwa yamechelewa kidogo. Mfano wa namba ni mmoja ukurasa mzima, na ni wa kubuni, ili usibebeshwe hesabu mpya kila swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Tofauti ya misingi hii miwili ni nini hasa?

Ni suala la tarehe. Kwa msingi wa fedha taslimu, unaandika pato siku fedha inapoingia na tumizi siku fedha inapotoka. Kwa msingi wa mlimbikizo, unaandika pato siku chama kilipostahili kulipwa na tumizi siku chama kilipopata huduma au kilipotumia kitu, hata kama fedha imelipwa mwaka jana au italipwa mwaka ujao.

Chukua mahindi yaliyopakiwa kwenye fuso tarehe 25 Juni, mnunuzi akasaini hati ya kupokea mzigo, malipo yakaingia benki tarehe 14 Agosti. Mwaka wa fedha wa chama unafungwa 30 Juni. Kwa mlimbikizo, ushuru wa mzigo ule ni pato la mwaka unaoisha. Kwa fedha taslimu ni pato la mwaka unaoanza. Mzigo, bei na mnunuzi ni vilevile, mwaka tu ndio umebadilika.

2. "Mlimbikizo" si ndiyo madeni ya nyuma?

Hapana, na jina hili limetuletea taabu. Mkulima akisikia "malimbikizo" anafikiria madai ya mishahara ya walimu. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akauliza kwa nini bodi inaomba kupitishiwa "bajeti ya madeni". Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi kwenye mkutano husema "makisio ya kinachostahili" na "makisio ya fedha mkononi", halafu kwenye karatasi naandika jina rasmi.

3. Fedha ya kwenye simu au benki inahesabiwa kuwa taslimu?

Ndiyo. Taslimu ni noti za kwenye kasha, salio la benki na salio la akaunti ya simu ya chama. Kisichohesabiwa ni ahadi: hati ya mzigo, ankara, au neno la mnunuzi kwamba "Jumatatu nawawekea".

## Chama kimoja, mwaka mmoja, majibu mawili

4. Mnaweza kuonyesha kwa namba?

Chama chetu cha mfano kinapitisha mahindi ya wanachama ghalani na kutoza ushuru wa shilingi 20 kwa kilo. Mwaka unaanza 1 Julai. Mambo yanayotarajiwa ni haya.

Tani 600 zitauzwa ndani ya mwaka. Kati ya hizo, tani 100 zitakabidhiwa mwezi Juni na kulipwa Agosti ya mwaka unaofuata. Kwa upande mwingine, tani 80 zilizokabidhiwa Juni iliyopita zitalipwa Agosti hii.

Julai chama kitanunua mashine ya kupukuchua kwa shilingi 9,000,000, inayotarajiwa kufanya kazi miaka 6, hivyo uchakavu wake, yaani sehemu ya bei inayobebwa na kila mwaka, ni 1,500,000. Kitakopa 5,000,000 kusaidia ununuzi huo, na ndani ya mwaka kitarejesha 2,000,000 pamoja na riba ya 500,000. Pango la ghala ni 200,000 kwa mwezi. Mkataba wa sasa ulishalipiwa hadi Desemba, na Januari mwenye ghala anataka miaka miwili mbele, yaani 4,800,000. Mishahara ya meneja na mlinzi ni 6,000,000. Ada ya ukaguzi wa mwaka uliopita, 1,000,000, italipwa Oktoba hii. Ada ya ukaguzi wa mwaka huu, 1,200,000, italipwa Oktoba ijayo.

| Kifungu | Fedha taslimu | Mlimbikizo |
|---|---|---|
| Ushuru wa mahindi | 11,600,000 | 12,000,000 |
| Mkopo | 5,000,000 | – |
| Jumla ya kuingia | 16,600,000 | 12,000,000 |
| Mashine / uchakavu wake | 9,000,000 | 1,500,000 |
| Pango la ghala | 4,800,000 | 2,400,000 |
| Mishahara | 6,000,000 | 6,000,000 |
| Ada ya ukaguzi | 1,000,000 | 1,200,000 |
| Marejesho ya mkopo | 2,000,000 | – |
| Riba | 500,000 | 500,000 |
| Jumla ya kutoka | 23,300,000 | 11,600,000 |
| Tofauti | nakisi 6,700,000 | ziada 400,000 |

Safu moja inasema chama kitapungukiwa shilingi milioni sita na laki saba. Nyingine inasema kitabaki na laki nne. Zote mbili ni sahihi. Ukiondoa kichwa cha safu, mwanachama hana njia ya kujua ameshika ipi.

5. Kwa nini mkopo hauonekani upande wa mlimbikizo?

Kwa sababu mkopo si pato, ni deni. Fedha imeingia na wajibu wa kuirudisha umeingia siku hiyohiyo, hivyo chama hakijatajirika. Vivyo hivyo, kurejesha mtaji wa mkopo si gharama. Gharama ni riba.

Kwenye safu ya fedha taslimu mkopo lazima uonekane, lakini uwe na mstari wake. Nimewahi kuona makisio yaliyounganisha mkopo na ushuru chini ya jina "mapato mengine". Mkutano ukaona mapato yamepanda, ukapiga makofi, ukaongeza posho za vikao. Mwaka uliofuata fungu lile halikuwepo, posho zilikuwepo.

6. Nani anahitaji ipi?

Bodi na meneja wanahitaji safu ya kwanza ili wajue kama hundi ya Januari itapita. Chama cha mfano kinahitaji kuanza mwaka kikiwa na salio la angalau 6,700,000. Kikiwa na 7,900,000, kitamaliza na 1,200,000. Na hata hapo bado hatujagusa miezi: ushuru mwingi huingia kati ya Agosti na Desemba, halafu kuanzia Februari mvua zinanyesha, ghala tupu, na mlinzi anataka mshahara uleule. Makisio ya fedha taslimu yasiyogawanywa kwa miezi yanasaidia nusu tu.

Wanachama wanahitaji safu ya pili wanapojadili kama ushuru wa shilingi 20 unatosha. Ziada ya 400,000 inawaambia kwamba ushuru unabeba gharama za mwaka pamoja na sehemu ya mashine, lakini kwa kubanana. Tani 20 tu zikipungua, ziada yote imekwisha. Safu ya fedha taslimu haiwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa imebeba bei nzima ya mashine na pango la miaka miwili.

Ushauri wangu kwa chama kidogo ni kupitisha makisio ya fedha taslimu na kuambatanisha ukurasa mmoja wa mlimbikizo. Chama kinachotaka moja tu kianze na fedha taslimu, maana hundi ikirudi hakuna atakayesikiliza habari za uchakavu.

## Kumwambia msomaji

7. Tuandike nini, na wapi?

Andikeni mahali pawili: kwenye jalada chini ya jina la waraka, na juu ya kila jedwali. Jalada peke yake halitoshi, kwa sababu jedwali la ukurasa wa nne ndilo linalopigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu, na jalada linabaki ofisini.

Juu ya jedwali maneno machache yanatosha: "Msingi: fedha taslimu. Kipindi: 1 Julai hadi 30 Juni. Kiasi ni kwa shilingi." Kwenye jalada jieleze zaidi. Mimi hutumia maneno ya aina hii:

> Makisio haya yameandaliwa kwa msingi wa fedha taslimu. Mapato ni fedha zinazotarajiwa kuingia benki, kwenye akaunti ya simu au kasha la chama kati ya 1 Julai na 30 Juni. Matumizi ni malipo yanayotarajiwa kufanyika katika kipindi hicho. Mkopo, marejesho yake na bei kamili ya mashine vimo. Uchakavu haumo, wala madai na madeni yatakayolipwa baada ya 30 Juni.

Na kwa mlimbikizo:

> Makisio haya yameandaliwa kwa msingi wa mlimbikizo. Mapato ni ushuru wa mazao yatakayokabidhiwa kwa mnunuzi ndani ya mwaka, hata kama malipo yatachelewa. Matumizi ni gharama za mwaka huu, ukiwemo uchakavu wa mashine. Mkopo na marejesho ya mtaji havimo. Ziada iliyoonyeshwa si fedha iliyopo benki.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoigombania kuliko zote. Bila hiyo, kuna mjumbe atakayeuliza "ile laki nne iko wapi", na meneja ataonekana mwizi.

8. Kusema "kwa msingi wa fedha taslimu" pekee hakutoshi?

Kwa mhasibu kunatosha. Kwa mkulima aliyekuja mkutanoni ametembea kilomita saba, hakutoshi. Ndiyo maana maelezo ya hapo juu yanataja vilivyomo na visivyomo kwa majina. Vitu vinne ndivyo hupotosha zaidi kwenye vyama vyetu: mkopo, mashine, pango la mbele na mauzo ya Juni. Vitajeni hivyo, mengine yatajifuata.

Chagueni pia maneno ya vichwa vya safu kwa uangalifu. "Makusanyo" na "malipo" huashiria fedha taslimu, "mapato" na "gharama" huegemea mlimbikizo. Hakuna sheria inayolazimisha hivyo, na jina rasmi la waraka lina "mapato na matumizi" kwa vyovyote vile, lakini ukizoea kutofautisha kwenye safu, msomaji wako wa kila mwaka atazoea pia.

9. Nimepewa makisio yasiyosema msingi. Nitajuaje?

Tafuta uchakavu kwanza. Ukiuona kwenye orodha ya matumizi, kuna mlimbikizo ndani yake. Usipouona, tafuta mkopo upande wa kuingia na bei nzima ya mashine upande wa kutoka. Vikiwepo vyote, ni fedha taslimu. Salio anzia na salio ishia pia ni dalili ya fedha taslimu, kwa kuwa mlimbikizo huishia kwenye ziada au nakisi, si salio.

Vyote vikikosekana, uliza kuhusu kifungu kimoja tu: ada ya ukaguzi iliyoandikwa ni ya mwaka gani? Mwandishi akijibu "ni ile tutakayolipa Oktoba", ni fedha taslimu. Akijibu "ni ya hesabu za mwaka huu", ni mlimbikizo. Akisita, soma swali la 10.

10. Na kama waraka umechanganya?

Hilo ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, na lina sura yake maalumu: mapato kwa mlimbikizo, matumizi kwa fedha taslimu. Mwandishi anahesabu tani zote 600 kwa sababu ndizo anazozijua, halafu upande wa matumizi anaandika atakacholipa. Mwingine hufanya kinyume, anaingiza mkopo kama pato halafu anaandika uchakavu badala ya bei ya mashine. Kwa namba za swali la 4, huyo wa pili angepata mapato ya 16,600,000 na matumizi ya 11,600,000, ziada ya 5,000,000 isiyokuwepo popote duniani.

Namna ya kugundua ni kujaribu kujenga daraja la swali la 11. Waraka uliochanganya haukubali kujengewa daraja.

## Kuoanisha na kulinganisha

11. Tunatokaje kwenye ziada ya 400,000 hadi nakisi ya 6,700,000?

Anza na ziada, kisha rekebisha kila kifungu ambacho safu mbili zinatofautiana.

Ziada ni 400,000. Ongeza uchakavu 1,500,000, kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka kwa ajili yake, unafika 1,900,000. Toa bei ya mashine 9,000,000, unashuka hadi nakisi ya 7,100,000. Pango limelipwa 2,400,000 zaidi ya gharama ya mwaka, nakisi inakuwa 9,500,000. Ada ya ukaguzi inayolipwa ni pungufu kwa 200,000, nakisi inakuwa 9,300,000. Ushuru unaoingia ni pungufu kwa 400,000, inarudi 9,700,000. Mwisho ongeza mkopo 5,000,000 na utoe marejesho 2,000,000. Inabaki nakisi ya 6,700,000.

Daraja hili liwekeni ukurasa mmoja nyuma ya makisio. Likigoma hata kwa elfu kumi, msilizibe kwa mstari wa "marekebisho". Mara nyingi kosa huwa kwenye pango, mtu amesahau ile miezi sita iliyolipiwa mwaka wa nyuma.

12. Mwisho wa mwaka tunalinganisha makisio na hesabu zilizokaguliwa. Kuna tatizo?

Kuna tatizo kubwa, kwa sababu hesabu zilizokaguliwa kwa kawaida ni za mlimbikizo. Ukiweka makisio ya fedha taslimu kwenye safu ya kushoto na hesabu hizo kulia, utaona "mashine: makisio 9,000,000, halisi 1,500,000", na mtu atasema mmeokoa milioni saba na nusu. Hamjaokoa kitu. Safu ya "halisi" ichukueni kwenye daftari la fedha, au badilisheni makisio yaende kwenye mlimbikizo kabla ya kulinganisha. Juu ya jedwali andikeni mmefanya lipi.

13. Halmashauri zinafanyaje?

Bajeti ya halmashauri, kama ile ya Serikali Kuu, huandaliwa kwa msingi wa fedha taslimu. Taarifa za fedha za mwisho wa mwaka hufungwa kwa IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vya mlimbikizo, ambavyo Tanzania ilianza kuhamia katika mwaka wa fedha 2012/13. Kwa hiyo diwani wa Rungwe au Kilolo hushika nyaraka mbili za mwaka uleule zenye misingi tofauti, na si kosa la mtu.

Kiwango kinachoshughulikia jambo hili ni IPSAS 24. Kinataka ulinganisho uonyeshe bajeti ya awali, bajeti ya mwisho baada ya marekebisho, na kiasi halisi kilichowekwa kwenye msingi wa bajeti. Kinataka pia maelezo yataje msingi wa bajeti, kipindi chake na taasisi zilizojumuishwa. Misingi ikitofautiana, lazima kuwe na daraja, na tofauti zigawanywe katika makundi matatu: za msingi, za muda na za taasisi. Fungua kitabu cha hesabu za halmashauri yako, tafuta taarifa ya ulinganisho wa bajeti, kisha soma maelezo yanayoambatana nayo. Jibu la "nimeshika ipi" limo humo.

AMCOS si taasisi ya IPSAS, lakini sioni sababu ya kutoazima adabu hiyo.

## Vijambo vya pembeni

14. Oda ya kununua mbolea iliyosainiwa Juni ni tumizi?

Bado, kwa msingi wowote. Fedha haijatoka na mbolea haijafika. Ni ahadi. Iandikeni kwenye orodha ya ahadi chini ya jedwali ili bodi mpya isishtuke Julai.

15. Na mifuko ya mbolea iliyobaki ghalani 30 Juni?

Kwa fedha taslimu ilishaisha siku mlipoilipia. Kwa mlimbikizo ni mali, itakuwa gharama itakapouzwa au kutumika. Kwa hiyo anayeandaa makisio ya mlimbikizo anahitaji makadirio ya mifuko itakayobaki, na hapo karani wa ghala ana sauti kuliko mhasibu.

16. Wanachama wanajenga ghala kwa nguvu zao. Inaonekana wapi?

Mchanga waliosomba na siku walizochimba msingi havionekani kabisa kwenye makisio ya fedha taslimu, kwa sababu hakuna shilingi iliyopita. Kwa mlimbikizo vinaweza kuthaminiwa mkiwa na kumbukumbu za kuaminika: matripu mangapi ya mchanga, bei ya tripu kijijini, siku ngapi za kazi. Bila kumbukumbu hizo, msithamini. Kwa vyovyote, wekeni mstari wa maelezo: "Nguvu za wanachama hazimo katika kiasi hiki." Nimeona mfadhili akikataa kuamini kwamba ghala limejengwa kwa fedha kidogo namna ile, na kumbe mstari huo tu ndio uliokosekana.

17. Hundi imeandikwa 28 Juni, benki imeilipa 3 Julai. Ni ya mwaka gani?

Amueni kanuni moja na muiandike. Vyama vingi hufuata tarehe ya kwenye daftari la fedha, hivyo ni ya mwaka unaoisha, na tofauti na benki huonekana kwenye usuluhishi wa benki. Isipokuwa hundi iliyoandikwa ikabaki kwenye droo ya meneja. Hiyo haijatoka, haidhuru tarehe iliyoandikwa juu yake.

18. Tunataka kubadili msingi mwaka huu. Ya mwaka jana tuyafanyeje?

Yapangeni upya kwa msingi mpya kabla ya kuyaweka kando ya haya, na juu ya safu andikeni "yamepangwa upya". Msipoweza, kwa mfano hati za mauzo ya Juni zimepotea, basi ondoeni safu ya mwaka jana na mseme kwa nini haipo.